KD sahihi, ka na kd zisizo sahihi: kusoma sensogramu ya kingamwili na antijeni

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Mbeya, na sampuli zetu zilipimwa kwenye maabara ya nje kwa mashine ya Biacore. Kingamwili ilifungwa kwenye chipu, 2,250 RU, kisha antijeni ya kilodaltoni 30 ikapitishwa juu yake kwa nanomola 2.5, 5, 10, 20 na 40, mikrolita 10 kwa dakika, sekunde 300 kila mara. Mistari miwili ya juu haikukaa kwenye modeli, nikaiondoa. Kwa mitatu iliyobaki nimepata ka ya 1 × 10⁵, kd ya 2 × 10⁻⁴ na KD ya nanomola 2. KD hiyo inalingana na tuliyoipata kwa njia nyingine, lakini msimamizi wangu ananikataza kuandika ka na kd. Kama KD ni sahihi, hizo mbili zinawezaje kuwa na makosa?"*

Marahaba. Msimamizi wako ana haki, na wewe pia una haki kuhusu KD, na mambo hayo mawili hayapingani. KD, yaani kipimo cha nguvu ya mshikamano, ni kd, kasi ya kuachia, ikigawanywa kwa ka, kasi ya kushika. Kitu chochote kitakachopunguza namba zote mbili kwa kiasi kilekile kitaiacha KD palepale, kama ambavyo 2 kwa 1 na 20 kwa 10 zina jibu moja. Kwenye kipimo chako kipo kitu cha namna hiyo, nacho ni mwendo wa antijeni kutoka kwenye maji yanayotiririka hadi kwenye uso wa chipu na kurudi. Nikikitazama kiasi cha kingamwili kilichofungwa na mtiririko uliotumika, nadhani kinachosomwa kwenye mistari yako kwa sehemu kubwa ni mwendo huo, na si kasi ya antijeni kushikana na kingamwili.

Ili jambo hili lieleweke ni lazima tukumbuke mashine inapima nini hasa. Juu ya kioo cha chipu kuna utando wa dhahabu wenye unene wa takriban nanomita 50, na mwanga unaupiga kutoka upande wa pili, ule usio na sampuli. Katika pembe moja mahususi, nguvu ya mwanga huo huchukuliwa na elektroni za dhahabu, na mwanga unaoakisiwa hufifia. Vitu vikijikusanya kwenye uso wa dhahabu, pembe hiyo husogea, na kusogea huko ndiko kunakochorwa kama mstari uitwao sensogramu. Kizio kimoja cha mwitiko, yaani 1 RU, ni takriban pikogramu moja ya protini kwa kila milimita ya mraba. Mashine haioni molekuli ikishika wala ikiachia. Inaona uzito uliopo karibu na dhahabu wakati huo, katika tabaka la nanomita mia chache tu. Namba za ka na kd hazipimwi. Tunazikisia kutokana na umbo la mstari, na makisio hayo hutegemea modeli tuliyoiamini kabla ya kuanza.

Modeli uliyotumia, ile ya moja kwa moja, yaani antijeni moja kwa kila nafasi moja ya kushikia, inasema hivi:

```
dR/dt = ka*C*(Rmax - R) - kd*R
```

R ni mwitiko wa wakati huo, Rmax ni mwitiko ambao ungefikiwa nafasi zote zikijaa, na C ni ukolezi wa antijeni. Upande wa kwanza unaeleza kuingia: antijeni ikiwa nyingi na nafasi tupu zikiwa nyingi, mstari hupanda haraka. Upande wa pili unaeleza kutoka: kila sekunde, sehemu ileile ya kilichoshikwa huachia. Antijeni ikikatwa na bafa tupu ikapita, C inakuwa sifuri, upande wa kwanza unafutika, na mstari unashuka kwa kd peke yake. Hapo ndipo watu wengi huipata kd kwanza, kisha hurudi kwenye sehemu inayopanda kuitafuta ka.

Sasa iangalie C kwa makini. Modeli inachukulia kwamba ukolezi ulio kwenye uso wa chipu ni uleule ulioutayarisha kwenye chupa, na kwamba bafa tupu ikianza kupita, ukolezi wa pale juu unakuwa sifuri papo hapo. Lakini kioevu kinachopita kwenye mfereji mwembamba hakitembei kwa kasi moja. Katikati kinakwenda haraka, na kadiri unavyokaribia ukuta ndivyo kinavyopunguza mwendo, hadi ukutani penyewe ambapo hakisogei kabisa. Antijeni inalazimika kuvuka tabaka hilo la utulivu kwa kujisambaza yenyewe, na kujisambaza kuna kikomo chake cha kasi.

Fikiria stendi ya mabasi ya Nane Nane, yenye lango moja na mabasi mengi yenye viti vitupu. Wapiga debe ni wengi na wakali, hata abiria akiingia langoni tu tayari ameshakalishwa. Ukisimama pembeni ukahesabu viti vinavyojaa kwa dakika, utadhani unapima ujuzi wa wapiga debe, kumbe unapima upana wa lango. Uwaongeze wapiga debe mara mbili, hesabu yako haitabadilika, kwa sababu watu hawaingii haraka zaidi ya lango linavyoruhusu. Kisha fikiria lango limefungwa kwa wanaoingia, na abiria mmoja anashuka kwenye basi ili aende zake. Kabla hajafika langoni anapita mabasi kumi yenye viti vitupu, na mpiga debe mwingine anamkamata na kumkalisha upya. Anayehesabu viti haoni kwamba mtu yule alishuka. Anaona kiti kimoja kimepungua hapa na kingine kimejaa pale, na anaandika kwamba abiria hawa hawashuki.

Hiyo ndiyo hali ya chipu yenye kingamwili nyingi. Antijeni huchelewa kufika, kwa hiyo ka inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ikiachia, inashikwa tena na kingamwili jirani kabla haijachukuliwa na maji, kwa hiyo kd nayo inaonekana ndogo. Kizuizi ni kilekile kimoja, lile tabaka la utulivu, na nafasi tupu zinazosababisha hali zote mbili ni zilezile. Ndiyo maana kiasi cha kupungua kinakuwa sawa kwa ka na kwa kd. Kwa hesabu, zote mbili hugawanywa na namba hii:

```
f = 1 + ka*(Rmax - R)/km
```

Herufi km inasimama kwa urahisi wa kupita kwenye tabaka lile. Ni upana wa lango. Kwa protini za ukubwa wa kawaida kwenye mashine za aina hii, km huwa katika jirani ya 10⁸ kwa vizio vya RU kwa mola kwa sekunde. Ukiwa na nafasi tupu chache au ka ndogo, f inakaribia 1 na huna la kuhofia. Zikiwa nyingi, f inakua, na namba zako zinazama pamoja nayo.

Tuchukue kipimo chako. Kingamwili ina uzito wa takriban kilodaltoni 150 na mikono miwili ya kushikia, antijeni ina 30. Kwa hiyo 2,250 RU za kingamwili zinaweza kubeba hadi 2,250 × 30/150 × 2, yaani 900 RU za antijeni. Kwa kawaida hupatikana chini ya hapo, kwa sababu kemia ya kufunga kingamwili kwenye chipu huharibu au huziba baadhi ya mikono, lakini tuitumie 900 ili hesabu iwe rahisi. Tuseme ka ya kweli ni 1 × 10⁶, kd ya kweli ni 2 × 10⁻³, na km ni 1 × 10⁸. KD ni nanomola 2. Chipu ikiwa tupu, f ni 1 + 900/100, yaani 10. Kwenye mistari ya chini, ambapo chipu inabaki karibu tupu muda wote, modeli yako itasoma ka karibu na 1 × 10⁵ na kd karibu na 2 × 10⁻⁴. Hizo ndizo namba ulizoniandikia. Sisemi kwamba nimethibitisha namba za kweli ni hizi zangu; nasema kwamba jozi nyingine kabisa ya namba, iliyo mbali na yako mara kumi, ingekupa mistari ya chini inayofanana sana na uliyoipata.

Bahati ni kwamba ushahidi unao tayari, nao upo kwenye ile mistari miwili uliyoiondoa. Naomba uirudishe. Chapisha sensogramu ya nanomola 40 kwenye karatasi nzima, uilaze mezani, uweke rula kando ya sehemu inayopanda. Ruka sekunde chache za mwanzo, maana pale pana mruko wa ghafla unaotokana na tofauti ndogo tu kati ya bafa ya sampuli na bafa ya mashine. Tofauti ya milimola 1 ya chumvi peke yake huleta takriban 10 RU, na mruko huo si protini. Baada ya hapo tazama kama mstari unafuata ukingo wa rula. Mshikamano unaofuata modeli ya moja kwa moja hupanda haraka mwanzoni na kuanza kulegea tangu sekunde za kwanza, kwa sababu nafasi tupu zinaanza kupungua papo hapo. Kwa namba ulizozipata wewe, mwinuko wa nanomola 40 ungepaswa kupungua hadi nusu kufikia sekunde ya 165. Kwa namba zangu za mfano, zikiwa na kizuizi cha mwendo, mstari unaanza kwa 3.6 RU kwa sekunde, na baada ya sekunde 150, chipu ikiwa imeshapita nusu ya kujaa, bado unapanda kwa 3.0. Kwa jicho hilo ni rula tupu. Kisha karibu na kilele unapinda kwa ghafla, kama barabara iliyofika kona. Mstari mnyoofu unaoishia kwa kona ndiyo alama ya lango jembamba.

Ushahidi wa pili upo kwenye kushuka, na huu naupenda zaidi kwa sababu hauhitaji jicho lililozoea. Katika modeli ya moja kwa moja, kd haijui ukolezi ulikuwa kiasi gani. Mstari wa nanomola 40 na wa 2.5 lazima upoteze sehemu ileile ya urefu wake kwa muda uleule. Basi chukua kila mstari, tafuta kimo chake mara tu bafa tupu ilipoanza kupita, hesabu asilimia 95 ya kimo hicho, na usome sekunde ngapi zimepita hadi kufika hapo. Kwa kd yako ya 2 × 10⁻⁴, kila mstari ungepaswa kutumia takriban sekunde 256. Kwa mfano wangu, mstari wa nanomola 40, ulioanzia karibu 820 RU, unapoteza asilimia 5 ya kwanza ndani ya sekunde 50 tu. Mstari huohuo ukishafika nusu, asilimia 5 nyingine ya kilichobaki inachukua zaidi ya sekunde 150. Na mstari wa nanomola 2.5, ulioanzia karibu 65 RU, unachukua sekunde 240 tangu mwanzo.

Ona jinsi mambo yanavyofuatana. Pale ambapo viti karibu vyote vimejaa, anayeshuka hana pa kukalishwa tena, kwa hiyo anafika langoni na kuondoka, na kasi inakaribia ile ya kweli. Viti vinapofunguka, kukamatwa upya kunaongezeka na mstari unajikokota. Na chipu ambayo haikujaa hata kidogo inajikokota tangu sekunde ya kwanza. Ukichora logi asilia ya mwitiko dhidi ya muda, badala ya mistari minyoofu iliyo sambamba, utaona mistari iliyopinda, wa juu ukishuka kwa ukali kuliko wa chini. Kwa maneno mengine, mistari miwili uliyoiondoa ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na ukweli, na mitatu uliyoiacha ilikaa vizuri kwenye modeli kwa sababu kosa lake ni lilelile moja muda wote. Kukaa vizuri kwa mstari kwenye modeli hakuthibitishi kwamba modeli ni ya kweli. Katika kipimo hiki kumethibitisha tu kwamba f haikubadilika sana.

Najua kishawishi kinachofuata, kwa sababu nimekipitia. Miaka ya mwanzo nilipokuwa nachambua data za maabara moja, mistari yangu ilishuka haraka kisha polepole, nami nikachagua kwenye menyu modeli ya nafasi mbili tofauti. Masalia yakatulia, mraba wa makosa ukapungua, na nikaandika kwamba protini ile ina sehemu mbili za kushikia. Haikuwa nazo. Niliipa modeli namba mbili za ziada za kuchezea, nayo ikazitumia kuchora umbo lililotokana na mwendo. Makala ilibidi isimamishwe, na aliyeifanya kazi ya mikono kwenye mashine ndiye aliyelipa kwa kurudia kila kitu. Kwa hiyo nakusihi: usichague modeli kwa sababu imekaa vizuri. Ichague baada ya jaribio lililokuwa na uwezo wa kuikataa.

Jaribio hilo lipo na ni fupi. Pitisha ukolezi mmoja, tuseme nanomola 10, kwenye chipu ileile kwa mtiririko wa mikrolita 10 kwa dakika, kisha kwa mikrolita 80, na ulinganishe mwinuko wa mwanzo. Kushikana kwa antijeni na kingamwili hakujali maji yanakimbia vipi, ila lango linajali: km hukua kwa kipeo cha theluthi cha mtiririko, kwa hiyo kuongeza mtiririko mara 8 kunaipanua mara 2. Kama namba zako ni za kweli, mwinuko utabaki uleule wa 0.9 RU kwa sekunde. Kwa mfano wangu, utapanda kutoka 0.9 hadi takriban 1.6. Ni tofauti ambayo huwezi kuikosa. Jambo hili pia ndilo linalotenganisha kizuizi cha mwendo na sababu nyingine za mistari kupinda, kama vile kingamwili iliyofungwa kwa namna tofauti tofauti au antijeni iliyoharibika sehemu. Hizo nazo hupindisha mistari, tena nazo huweza kuonekana tofauti kwa kila ukolezi, lakini hazibadiliki ukibadilisha mtiririko.

Kwa upande wa kushuka kuna jaribio linalofanana: badala ya bafa tupu, pitisha bafa yenye kingamwili ileile ikiwa huru na kwa wingi. Antijeni inayoachia hukamatwa na kingamwili iliyo kwenye maji na kuondoka nayo, haina nafasi ya kurudi kwenye chipu. Mstari ukishuka haraka zaidi kuliko kwa bafa tupu, basi kulikuwa na kukamatwa upya. Tahadhari ni moja: antijeni yako iwe na nafasi moja tu ya kingamwili hiyo. Ikiwa inajiunganisha mbilimbili, kingamwili huru itaipanda ile iliyoko kwenye chipu na mstari utapanda badala ya kushuka.

Nini sasa kifanyike kwa data uliyonayo? Njia ya kwanza ni kuichambua upya, mistari yote mitano kwa pamoja, kwa modeli yenye km ndani yake. Programu nyingi za mashine hizi zinayo. Fanya hivyo, kwa sababu ni bure na itakupa picha, lakini usitegemee namba thabiti. Kizuizi kikiwa kikubwa, mwinuko unabeba habari kidogo sana ya ka. Katika mfano wangu, ka ikiwa 1 × 10⁶ mwinuko wa nanomola 10 ni 0.90 RU kwa sekunde. Ka ikiongezwa mara mbili mwinuko unakuwa 0.95 tu. Tofauti ya asilimia 5 inaweza kutokana na kosa la pipeti. Kwa hiyo programu itakuletea ka yenye kosa kubwa, pengine ikiambatana na onyo kwamba ka na km zinategemeana, na ukiambiwa hivyo usilipuuze onyo.

Njia ya pili, na ndiyo ningeichagua kama sampuli bado zipo, ni kurudia kipimo kwenye chipu yenye kingamwili chache. Funga takriban 125 RU badala ya 2,250. Rmax itashuka hadi 50 RU. Kwa mikrolita 80 kwa dakika na km ya 2 × 10⁸, f inakuwa 1.25, na robo hiyo iliyobaki modeli yenye km inaweza kuibeba bila shida. Wengi huogopa mwitiko mdogo wakidhani ni data duni. Kelele za mashine iliyotunzwa ziko chini ya 1 RU, na hata nanomola 2.5 itakupa mwitiko wa RU 20 hivi kwa mfano huu, unaosomeka vizuri ikiwa umetoa mstari wa mfereji wa rejea na ule wa bafa tupu. Kubali gharama zake pia: utatumia antijeni zaidi, kwani mikrolita 80 kwa dakika kwa sekunde 300 ni mikrolita 400 kwa kila sindano moja, na uchafu mdogo wa bafa ambao ulimezwa na 800 RU sasa utaonekana. Ukiwa na antijeni kidogo, shusha mtiririko hadi mikrolita 40 kabla hujafikiria kuongeza kingamwili kwenye chipu. Kuongeza kingamwili kunakurudisha ulikotoka kwa haraka, wakati mtiririko unaathiri kwa kipeo cha theluthi tu.

Kuna njia ya tatu, isiyo na aibu yoyote: andika KD peke yake, useme wazi kwamba kipimo kilikuwa chini ya kizuizi cha mwendo na kwa hiyo ka na kd hazikutolewa. Kama swali la tasnifu yako ni kiasi gani kingamwili inaipenda antijeni, KD inatosha. Kama swali ni muda gani antijeni inabaki imeshikwa, haitoshi, na hapa ndipo namba hizi zinapogusa kazi halisi. Kd ya 2 × 10⁻⁴ ina maana nusu ya antijeni inabaki imeshikwa kwa takriban dakika 58. Kd ya 2 × 10⁻³ ina maana ni chini kidogo ya dakika 6. Mtu anayetengeneza kipimo cha haraka cha karatasi, kinachosomwa baada ya dakika 15 au 20 kwenye zahanati, akiiamini namba yako ya kwanza atadhani mstari wa majibu utabaki imara, kumbe unaweza kuwa unafifia wakati muuguzi anausubiri. Na jozi zote mbili za ka na kd, yako na ya mfano wangu, zina KD ileile ya nanomola 2.

Kabla hujarudia chochote, iandikie ile maabara uwaombe faili ghafi, si picha wala jedwali la majibu. Ndani yake iwemo mifereji yote, pamoja na wa rejea, sindano za bafa tupu, na kumbukumbu ya kingamwili ilivyofungwa. Waulize pia kama baada ya kila mzunguko chipu ilirudi kwenye kimo chake cha mwanzo, kwa kuwa dawa ya kuosha ikiacha antijeni nyuma au ikiua kingamwili, mistari ya baadaye haiwezi kulinganishwa na ya mwanzo. Wakikubali, waombe zile sindano mbili za nanomola 10 kwa mikrolita 10 na 80. Ni kazi isiyofika nusu saa kwenye mashine, na inaweza kufanyika kwenye chipu ya zamani kama bado hai.

Jambo moja haliwezi kumalizika kwa maandishi. Ikiwa mwinuko hautabadilika na mtiririko, na bado muda wa kupoteza asilimia 5 unatofautiana kati ya mistari, basi tatizo liko kwenye protini yenyewe, na hapo unahitaji kukaa bega kwa bega na mtu aliyezoea mashine, mbele ya kioo, mkiangalia sindano moja baada ya nyingine, huku sampuli yenyewe ikichunguzwa upya kama ni safi na haijagandana. Nenda na daftari lako la maabara, pamoja na sensogramu zote tano zikiwa zimechapishwa, sekunde za asilimia 5 zikiwa zimeandikwa kwa kalamu pembeni mwa kila mstari.